Fidia ya mkupuo au ya awamu? Hesabu inayopaswa kutangulia sahihi

MWANZONI mwa mwaka 2024, Mkenya aliyeikopesha serikali fedha zake kupitia dhamana za Hazina za siku 91 alilipwa riba ya zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka. Kufikia mwisho wa mwaka 2025, riba hiyo ilikuwa imeteremka hadi chini ya asilimia 8. Mabadiliko hayo yalijadiliwa kwa mapana na marefu na wenye mabenki na wachumi. Hata hivyo, lipo kundi jingine la wananchi ambalo halikuambiwa kwamba linahusika: waliojeruhiwa barabarani, wajane, mayatima na wafanyakazi walioachishwa kazi, ambao wameletewa karatasi mezani na kuulizwa iwapo wanataka fidia yao yote kwa mkupuo leo, au wanataka kiasi kikubwa zaidi kitakacholipwa kidogo kidogo kila mwezi.

Jibu la swali hilo halipatikani kwa kutazama jumla iliyo kubwa zaidi. Linategemea kiwango cha riba. Tarakimu zilezile zilizomfaa mtu kuchukua mkupuo mwaka 2024 zinaweza kumfaa kuchukua awamu baada ya riba kushuka. Asiyejua kupiga hesabu hii huachia mlipaji aipige kwa niaba yake, na mlipaji huipiga kwa manufaa yake mwenyewe.

Awamu hutokea wapi?

Kabla ya kuingia katika hesabu, yafaa kuelewa ni kwa nini pendekezo la awamu huletwa. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, kampuni ya bima hailazimiki kumlipa mtu mmoja aliyeumizwa au familia ya aliyefariki zaidi ya Sh3 milioni. Kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari. Aidha, kampuni ya bima yenyewe yaweza kuporomoka. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield ikafuata mwaka 2011, na Resolution mwaka 2022. Bima inapoanguka, mwenye matatu au lori hujikuta amekabiliana na mdai ana kwa ana, ilhali fedha anazopata ni zile za mapato ya kila siku. Mtu wa aina hiyo hana budi kuomba alipe polepole.

Sheria nayo inamruhusu kuomba. Agizo la 21, kanuni ya 12, la Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010 linaipa mahakama uwezo wa kuamuru kwamba fedha zilizoamuliwa zilipwe kwa awamu, pakiwapo na sababu ya kutosha. Baada ya hukumu, amri hiyo yaweza kutolewa kwa ridhaa ya mdai, au hata bila ridhaa yake ikiwa mahakama itaridhika na sababu zilizotolewa. Lakini aghalabu mambo hayafiki huko. Pande mbili hukutana katika afisi ya wakili, zikaafikiana kabla ya hakimu kusema lolote. Mezani hapo ndipo hesabu inapohitajika.

Mfano mmoja

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa kuchomelea vyuma aligongwa na lori karibu na Mariakani, katika barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi, akafariki. Baada ya kesi kuvutana, mwenye lori anampa mjane wa fundi huyo chaguo mbili. Ya kwanza ni Sh1,500,000 siku ya kutia sahihi. Ya pili ni Sh50,000 kila mwezi kwa muda wa miezi 36, awamu ya kwanza ikilipwa mwezi mmoja baada ya sahihi.

Familia inaketi kuzungumza. Shemeji yake anasema jambo liko wazi: 50,000 mara 36 ni Sh1,800,000, na 1,800,000 ni nyingi kuliko 1,500,000. Mwana wa kwanza anasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini hakuna aliyepiga hesabu. Shemeji amejumlisha fedha za miezi tofauti kana kwamba zote zinafika siku moja. Naye mwana amesahau kwamba methali yake haisemi hiyo safari ya nenda uje inachukua muda gani. Ikiwa kumi zinachukua mwaka mzima kurudi, anayekubali kenda amejipunguzia kana kwamba riba ni asilimia 11 hivi kwa mwaka. Ikiwa zinachukua mwezi mmoja tu, amekubali hasara ya asilimia 11 kwa mwezi, na hiyo ni hasara kubwa mno.

Kushusha fedha za kesho hadi leo

Msingi wa hesabu ni huu. Mwenye Sh100 leo, akiziweka mahali panapompa asilimia 1 kwa mwezi, atakuwa na Sh101 mwezi ujao. Kwa hivyo Sh101 za mwezi ujao zina thamani ya Sh100 leo. Kuzirudisha nyuma mwezi mmoja tunazigawanya kwa 1.01. Kuzirudisha miezi miwili tunazigawanya kwa 1.01 mara mbili, na kuendelea hivyo mwezi baada ya mwezi.

Tukiitumia kanuni hiyo katika awamu za mjane wetu, Sh50,000 ya mwezi wa kwanza ina thamani ya Sh49,505 leo. Ile ya mwezi wa 12 ina thamani ya Sh44,372. Ile ya mwezi wa 24 ni Sh39,378, na ile ya mwisho, ya mwezi wa 36, ni Sh34,946 pekee. Noti ni zilezile, na kinachozipunguzia thamani ni muda wa kuzisubiri. Tukijumlisha thamani hizo zote 36 tunapata Sh1,505,375. Hiyo ndiyo thamani ya leo ya ile ahadi ya Sh1,800,000.

Si lazima mtu agawanye mara 36. Fomyula yake ni fupi, ambapo M ni awamu ya mwezi, r ni riba ya mwezi na n ni idadi ya miezi. Mwenye kompyuta ataandika mstari wa pili katika Excel na kupata jibu papo hapo:

```
PV = M × (1 − (1 + r)^−n) / r
=PV(0.01,36,-50000)
```

Kwa hivyo, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, chaguo hizi mbili zinakaribia kuwa sawa. Pengo la Sh300,000 lililomvutia shemeji limeyeyuka na kubaki Sh5,375.

Msomaji asiyeamini fomyula anaweza kuihakiki kwa kalamu na karatasi. Tuseme mjane anachukua Sh1,500,000 na kuziweka mahali panapolipa asilimia 1 kwa mwezi, kisha kila mwezi anatoa Sh50,000 za matumizi. Mwezi wa kwanza anapata riba ya 15,000, anatoa 50,000, panabaki 1,465,000. Mwezi wa pili riba ni 14,650, anatoa tena 50,000, panabaki 1,429,650. Akiendelea hivyo atajilipa mwenyewe awamu 35 kamili, na ya 36 itapungukiwa na Sh7,691 tu. Maana yake ni kwamba, kwa riba hiyo, mkupuo waweza kugeuzwa kuwa awamu karibu zilezile bila kumtegemea mwenye lori.

Kiwango kipi ndicho chako?

Hapa ndipo palipo na uzito wa jambo lote, kwani ile asilimia 1 haikuteremka kutoka mbinguni. Tumeichagua. Mtu mwingine angechagua kiwango kingine na kupata jibu tofauti, na wote wawili wakawa sahihi. Kiwango cha kutumia ni kile ambacho fedha hizo zingekupatia wewe, au zingekuokolea, kama ungekuwa nazo leo.

Mtu asiye na deni, ambaye angezikopesha serikali, anapaswa kutumia riba ya serikali baada ya kodi. Tukiichukulia kuwa asilimia 8 kwa mwaka, kodi ya asilimia 15 inayokatwa juu ya riba inamwachia asilimia 6.8, yaani takriban 0.57 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho awamu 36 zina thamani ya takriban Sh1,624,000. Kwenye karatasi, mtu huyo anapata Sh124,000 zaidi akikubali awamu.

Mtu wa pili anadaiwa mkopo mkubwa na chama chake cha akiba na mikopo, kwa ile riba iliyozoeleka ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Akipewa mkupuo na kuulipa mkopo huo, anaokoa asilimia 1 kila mwezi, bila kodi na bila wasiwasi. Kwake yeye, chaguo mbili zinalingana, kama tulivyoona.

Mtu wa tatu anafanya biashara kwa mkopo unaotozwa asilimia 2 kwa mwezi, na deni lake ni kubwa kiasi cha kumeza fidia yote. Kwa kiwango hicho awamu zina thamani ya Sh1,274,442 tu. Akizichagua kwa kuvutiwa na jumla ya 1,800,000, atakuwa ametupa zaidi ya Sh225,000.

Kuna kosa ambalo huwanasa hata watu makini katika hatua hii. Mjane anadaiwa, tuseme, Sh100,000 na wakopeshaji wa simu wanaotoza asilimia 7 kwa mwezi. Je, atumie asilimia 7 kushusha thamani ya awamu zote? La. Deni la 100,000 likishalipwa, zile 1,400,000 zinazobaki hazina tena mahali pa kuokoa asilimia 7. Zitakwenda benki au serikalini kwa riba ya kawaida. Riba kali ya deni dogo inatoa sababu ya kupata kiasi kidogo cha fedha haraka. Haitoi sababu ya kukubali mkupuo wowote utakaoletwa.

Iwapo mtu hana uhakika wa kiwango chake, aligeuze swali: ni riba gani inayozifanya chaguo mbili kuwa sawa kabisa? Katika mfano wetu ni asilimia 1.02 kwa mwezi, au asilimia 12.2 hivi kwa mwaka. Basi hana haja ya kujua kiwango chake barabara. Anahitaji kujua jambo moja tu, iwapo kiko juu ya hapo au chini. Kikiwa juu, mkupuo ndio bora. Kikiwa chini, awamu zina thamani zaidi, mradi zilipwe zote.

Sasa msomaji ataona kwa nini kushuka kwa riba za serikali kulikuwa na uzito kwa mjane huyu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, asilimia 16 kwa mwaka ilimwachia mwekezaji asilimia 13.6 baada ya kodi. Hiyo ni juu ya 12.2. Kwa kiwango hicho awamu zake zingekuwa na thamani ya takriban Sh1,471,000, na mkupuo ungeshinda. Kwa riba ya asilimia 8, awamu zinashinda kwa Sh124,000. Mwenye lori hakubadilisha hata shilingi moja katika pendekezo lake. Tahadhari ni kwamba dhamana za siku 91 hukopeshwa upya kila baada ya miezi mitatu na riba yake yaweza kupanda au kushuka kabla ya miezi 36 kwisha. Kwa hiyo ni vyema pia kutazama hatifungani za serikali za miaka michache, ambazo muda wake unakaribia ule wa awamu.

Makosa matatu ya hesabu

La kwanza ni kuchanganya riba ya mwaka na malipo ya mwezi. Malipo yakiwa ya mwezi, riba nayo iwe ya mwezi: asilimia 12 kwa mwaka igawanywe kwa 12. Anayeingiza 0.12 mahali pa 0.01 katika ule mstari wa Excel atapata Sh409,621. Kosa hili ni rahisi kulitambua, kwa sababu jibu ni dogo kuliko jumla ya awamu tisa za kwanza. Ukiona thamani imeporomoka hivyo, tazama riba uliyoandika kabla ya kutazama lolote jingine.

La pili ni kupuuza tarehe ya awamu ya kwanza. Kwa riba ya asilimia 1, awamu ya kwanza ikilipwa siku ya sahihi, thamani ya zote hupanda hadi takriban Sh1,520,400. Lakini ikiwa kifungu kidogo chini ya ukurasa kinasema malipo yataanza baada ya miezi sita, thamani inashuka hadi takriban Sh1,432,300. Idadi ya awamu haikubadilika wala kiasi hakikubadilika, ila Sh73,000 zimetoweka kwa sababu ya miezi mitano ya kungoja.

La tatu linahusu mfumko wa bei. Wapo wanaotumia riba ya benki, kisha wakaongeza juu yake kiwango cha kupanda kwa bei. Hapo wanahesabu jambo moja mara mbili, kwani riba ya sokoni tayari imezingatia matarajio ya wakopeshaji kuhusu bei. Maadamu awamu ni Sh50,000 zisizobadilika, riba ya kawaida ya sokoni inatosha. Hata hivyo, bei zikipanda kuliko ilivyotarajiwa, anayepokea awamu ndiye anayeumia. Oktoba 2022 mfumko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6, na mwishoni mwa mwaka 2011 ulikaribia asilimia 20. Aliyekuwa akipokea kiasi kilekile kila mwezi katika nyakati hizo aliona kapu lake la sokoni likipungua ilhali noti zake ni zilezile.

Je, akiacha kulipa?

Mpaka hapa tumedhani kwamba mwenye lori atalipa awamu zote 36. Dhana hii ndiyo dhaifu kupita zote. Dhamana ya serikali na ahadi ya mwenye lori si kitu kimoja, na ni makosa kushusha thamani ya ahadi yake kwa riba ya serikali kisha mtu akafurahia zile Sh124,000 za ziada.

Njia nyepesi ya kupima hatari ni kuuliza itakuwaje malipo yakikatika katikati. Kwa ile riba ya serikali baada ya kodi, awamu 18 za kwanza pekee zina thamani ya takriban Sh853,000. Lori likipata ajali nyingine, au kampuni ikifungwa baada ya mwaka mmoja na nusu, mjane atakuwa amepata karibu nusu tu ya alichoahidiwa, na itambidi arudi mahakamani kutafuta kilichobaki.

Tuseme sasa kwamba, miongoni mwa walipaji sita wa aina ya mwenye lori huyu, mmoja hukatisha malipo katikati. Tukichukua thamani ya Sh1,624,000 mara tano, tukaongeza ile ya Sh853,000 mara moja, kisha tukagawanya kwa sita, tunapata takriban Sh1,495,500. Hiyo ni chini ya mkupuo. Kwa maneno mengine, hatari ya mmoja kati ya sita inatosha kumeza faida yote ya awamu, hata kwa mtu asiye na deni lolote. Ni juu ya familia kujiuliza kwa unyofu: huyu mwenye lori, kwa jinsi tulivyomwona katika kesi hii, akilipa au akikwepa, ni mtu ambaye tungeweka dau la tano kwa moja kwamba atamaliza?

Yapo mengine ambayo hesabu haiyapimi. Wajane wengi huchagua awamu si kwa sababu ya thamani bali kwa kuhofia kwamba mkupuo utaliwa na harambee, jamaa na biashara za pupa. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, hesabu inaweza kuonyesha bei ya kinga hiyo. Kwa yule wa asilimia 1, kinga haimgharimu kitu. Kwa yule wa asilimia 2, inamgharimu Sh225,000, na huenda ikawa rahisi kwake kulipa madeni siku ileile fedha zinapoingia, kabla ya jamaa kupiga hodi.

Cha kudai kabla ya kutia sahihi

Anayekubali awamu kwa hakika anamkopesha mlipaji. Basi na atende kama mkopeshaji. Katika mwaka 2025, benki za kibiashara zilikuwa zikitoza wakopaji wao takriban asilimia 15 kwa wastani. Kama mwenye lori angekwenda benki kukopa Sh1,500,000 kwa riba hiyo ili amalize deni hili, angelipa takriban Sh52,000 kila mwezi kwa miezi 36, na benki ingedai dhamana juu yake. Kwa nini basi mjane, asiye na dhamana yoyote, amkopeshe kwa bei nafuu kuliko benki? Sh52,000 ndiyo tarakimu ya kuanzia mazungumzo, wala si ya kumalizia.

Masharti nayo yana thamani kama fedha. Makubaliano yaandikishwe mahakamani kama amri ya ridhaa, yasibaki barua kati ya mawakili, ili malipo yakikatika mdai aende moja kwa moja kwenye utekelezaji bila kufungua kesi mpya. Kiwepo kifungu kinachosema kwamba awamu moja ikikosekana kwa siku kadhaa zilizotajwa, salio lote litadaiwa papo hapo pamoja na riba. Na hati ya kumwachilia mlipaji kutokana na madai yote isitiwe sahihi mpaka shilingi ya mwisho ipokewe. Aliyekwisha kutia sahihi hati hiyo hana tena cha kumshika mlipaji nacho.

Kadhalika, iulizwe gharama za wakili zinalipwa na nani na lini. Ikiwa zinatoka katika mfuko wa mdai, na zinakatwa zote kutoka awamu za mwanzo, basi mjane anapoteza zile awamu zenye thamani kubwa zaidi na kubakiwa na zile za mwisho, ambazo kila 50,000 ni sawa na 35,000 za leo. Ulinganisho ufanywe kwa fedha zinazofika mkononi mwake, katika tarehe zinazofika.

Mwisho, hakuna sheria inayosema chaguo ni mbili tu. Katika mfano wetu, mjane anaweza kujibu kwa pendekezo lake: Sh300,000 siku ya sahihi, kisha Sh40,000 kila mwezi kwa miezi 36. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, thamani ya pendekezo hilo ni Sh1,504,300, takriban sawa na chaguo zote mbili za mwenye lori. Lakini hali ya mjane ni tofauti kabisa. Deni la wakopeshaji wa simu linalipwa siku hiyohiyo, karo ya muhula inapatikana, mapato ya kila mwezi yanabaki, na malipo yakikatika katikati, kiasi kinachokuwa hatarini kimepungua. Mwenye lori naye hatakiwi kutoa milioni moja na nusu kwa siku moja.

Pendekezo kama hilo haliwezi kutungwa na mtu anayelinganisha 1,800,000 na 1,500,000. Linatungwa na aliyekwisha kuzileta fedha zote katika siku moja, siku ya sahihi, akazitazama zikiwa zimelala pamoja mezani.